Bima wameandika "kupokea taarifa hakumaanishi tumekubali". Ndiyo wamekataa hivyo?

#1 MkomaniNdani
Salamu alaikum wadau. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alifariki nyumbani hapa Lamu tarehe 28 Aprili. Alikuwa na presha ya muda mrefu. Tulimzika baada ya Alasiri siku ile ile. Alikuwa na bima ya maisha aliyojikatia mwenyewe kupitia ajenti, laki nane, mwaka wa nne sasa, na mnufaika aliyeandikwa ni dada peke yake. Niliwaandikia imeli kutoa taarifa, na barua yao imerudi kwa jina la dada. Ni ya Kizungu, lakini maana yake ni hii:

*Tumepokea taarifa ya kifo cha mwenye bima. Kupokea taarifa hii hakumaanishi kwamba shirika limekubali dhima yoyote chini ya mkataba. Katika siku 14 wasilisha: fomu ya madai, cheti asili cha kifo, kitambulisho asili cha marehemu, kibali cha mazishi, ripoti ya daktari, ripoti ya polisi na ya uchunguzi wa maiti, mkataba asili, kitambulisho na pini ya KRA ya mnufaika, na maelezo ya benki. Mnufaika afike ofisini Mombasa kutia sahihi. Poleni kwa msiba.*

Dada amesomewa akalia, anasema wamekataa. Mama mkwe wake naye anasema wanatutaka tumfukue maiti. Naomba mnieleweshe, hii ni barua ya kukataa au vipi?

#2 BaharaMshipi
Poleni sana ndugu. Hao wamekataa kwa adabu. Na hizo siku 14 mzihesabu vizuri, zikipita pesa zimekwenda. Mimi bima siwaamini hata kwa injini ya boti.

#3 PundaHanaDeni
Bahara wewe injini yako iliingia maji kwa sababu uliifunga kwa kamba ya katani 😂 Poleni MkomaniNdani. Mola amrehemu.

#4 MezaniMadai
Poleni kwa msiba. Nimekaa meza ya madai ya vifo Mombasa miaka mingi, sasa niko nyumbani Malindi nafuga kuku. Hiyo si barua ya kukataa. Ni barua ya kupokea, na kwa kawaida hutoka kabla mtu yeyote hajalifungua faili. Karani ameona imeli yako, ametoa namba ya madai, amebonyeza kitufe, na barua ile ile inayotumwa kwa kila aliyefiwa imetoka kwa jina la dada yako.

Lile neno la "hakumaanishi tumekubali" lina sababu yake. Siku ile barua inapotoka, shirika halijui kama malipo ya kila mwezi yalikuwa yanaingia, halijui alikufa kwa nini, halijui hata kama aliyeandika ndiye mnufaika. Wakiandika "tutalipa" kisha wakute bima ilishakatika, barua hiyo hiyo itawafunga mahakamani. Kwa hiyo wanasheria wao hawaruhusu barua itoke bila sentensi hiyo. Kosa lao ni kuiweka ya pili kutoka juu na pole wakaiweka mwisho kabisa. Aliyefiwa husoma mistari miwili ya mwanzo, machozi yanamziba, na ile iliyobaki haioni.

Bahara, siku 14 si mwisho wa haki. Ni muda wa ofisi kupanga kazi zake. MkomaniNdani, waandikie mistari miwili tu: tumepokea barua, karatasi zinatafutwa, cheti cha kifo kitachelewa. Ikae kwenye faili.

#5 MkomaniNdani
Shukrani Mezani. Sasa hiyo ya polisi na ya kupasua maiti? Huyu alikufa kitandani kwake, mkewe na wanawe wako pale.

#6 MezaniMadai
Hiyo ni ya ajali, kuzama, kuuawa, au kifo kisichoeleweka. Orodha yao ni moja kwa vifo vyote, na hakuna aliyekaa akafuta visivyohusika. Muwaandikie kwamba alifariki kwa maradhi nyumbani, hapakuwa na tukio la polisi, alizikwa siku hiyo hiyo kwa taratibu za dini, na daktari aliyekuwa akimtibu presha ni wa hospitali fulani. Watakachokitaka kwa kweli ni kumbukumbu za huko.

Na wanazitaka kwa jambo moja. Alipojiunga alijaza fomu yenye maswali ya afya: una presha, una sukari, umewahi kulazwa? Watachukua rekodi za hospitali waziweke kando ya majibu yale. Kama presha aliitaja, au iligunduliwa baadaye, hakuna neno. Kama alikuwa anakunywa dawa tangu zamani na akajibu "hapana", hapo kuna kazi.

#7 AjentiMstaafu
Na mara nyingi anayejibu "hapana" si mteja. Ni ajenti anayetaka faili lipite. Nasema kwa sababu nimefanya kazi hiyo na nimewaona wenzangu wakijaza fomu nzima kibandani, mteja anaambiwa "tia sahihi hapa". Muombeni shirika nakala ya ile fomu ya kujiunga. Muangalie mwandiko ni wa nani.

#8 KadzoWaGanda
Poleni. Mimi naomba kuuliza, hii bima inalipa ndani ya siku mbili ama vipi? Maana nyanya yangu alipofariki Ganda tulilipwa haraka, hata maiti haijatoka mochari, tukanunua jeneza na mbuzi wa hanga.

#9 MezaniMadai
Kadzo hiyo ni bima ya mazishi, ni kitu kingine. Ile kazi yake ni gharama za maziko kwa hivyo inalipa kiasi kidogo kwa haraka, mara nyingi kwa kibali cha mazishi peke yake. Hii ya MkomaniNdani ni bima ya maisha, pesa nyingi, na inataka cheti cha kifo.

#10 KaraniKortini
Hapa ndipo watu wengi wa visiwani hukwama, kwa hivyo niongeze. Kibali cha mazishi na cheti cha kifo ni karatasi mbili mbali. Mtu akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayeandika kifo kwenye rejista yake na kutoa kibali cha kuzika. Kibali ni ruhusa ya kuzika tu. Cheti hutoka kwa msajili wa vizazi na vifo, na msajili hawezi kutoa kitu mpaka zile fomu za naibu wa chifu zimfikie. Sasa naibu wa chifu yuko Kizingitini au Siyu, fomu zinakaa droo, anasubiri apate safari ya mjini. Familia inaomba cheti, inaambiwa "jina halionekani", inadhani kuna njama. Mfuateni naibu wa chifu muulize kama fomu zimeshapelekwa. Na msiache ipite miezi 6, kwa sababu baada ya hapo inaitwa usajili wa kuchelewa na mlolongo wake ni mrefu zaidi.

Jambo la pili ni kitambulisho. Barua inataka "kitambulisho asili cha marehemu". Kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini kifo kinaposajiliwa. Kwa hivyo bima wanaomba kitu ambacho kisheria hamtakiwi kuwa nacho. Mlipiga nakala kabla?

#11 MkomaniNdani
Lahaula. Kitambulisho tulimpa naibu wa chifu asubuhi ile ile. Nakala sikumbuki. Watu walikuwa wamejaa nyumbani, nani angewaza fotokopi?

#12 MamaNuru
Pole mwanangu. Nakala huenda iko mahali hamjafikiria. Benki yake, kazini kwake, shule ya watoto, mkataba wa nyumba. Na bima wenyewe walichukua nakala alipojiunga, iko kwenye faili lao. Mimi nilivyofiwa hapa Malindi walinizungusha kwa karatasi ambayo wao wenyewe walikuwa nayo.

#13 MezaniMadai
Mama Nuru kasema kweli. Karatasi asili mara nyingi si lazima, ulizeni kama nakala zilizothibitishwa zitatosha, na kwa kitambulisho mwandikeni tu kwamba kilirudishwa kwa naibu wa chifu. Ofisa mwenye akili ataelewa.

Kuna jambo moja linanisumbua ambalo MkomaniNdani hujalisema. Malipo ya mwisho aliyafanya lini?

#14 MkomaniNdani
Nimeangalia simu yake jioni hii. Alikuwa analipa kila tarehe 5. Machi imelipwa. Aprili haipo. Alikuwa hoi wiki zile, simu hata hakuishika.

Ndiyo basi tena?

#15 BaharaMshipi
Nilisema mimi. Bima hukatika siku usipolipa, kama stima.

#16 MezaniMadai
Bahara punguza kasi. Mikataba mingi ya bima ya maisha ina siku za msamaha, mara nyingi 30, kuanzia siku malipo yalipotakiwa. Malipo yalitakiwa 5 Aprili. Siku 30 zinafika 5 Mei. Mtu amefariki 28 Aprili, siku ya 23. Akifariki ndani ya siku hizo bima inahesabiwa iko hai, na shirika hukata ule mwezi mmoja kutoka kwenye malipo. Angefariki 10 Mei tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Lakini usichukue neno langu. Fungua mkataba, utafute sehemu inayotaja muda wa kulipa na kukatika kwa bima. Kuna mikataba yenye muda mfupi zaidi, na kuna inayotumia akiba iliyojikusanya kulipia miezi iliyokosekana. Na usilipe Aprili sasa kwa simu ya marehemu! Watu hufanya hivyo kwa wema, lakini kwenye faili inaonekana kama mmejaribu kuficha.

Umeona sasa kwa nini karani hawezi kuandika "tutalipa" siku ya kwanza.

#17 PundaHanaDeni
Mezani wewe kumbe si wa kuku peke yake. Mimi nilikuwa naidharau bima, sasa nimekwenda kuangalia yangu na nimekuta nimelipa mwaka mzima bila kumwandika mnufaika 🙈

#18 UstadhWaSiyu
Assalamu alaikum. Mola amsamehe marehemu. Kwanza, barua inamwita mjane aende Mombasa. Mwanamke aliyefiwa na mume yuko edani miezi minne na siku kumi. Ofisi ya bima iliyoko pwani haijui hili? Pili, mumezungumza "mnufaika" kana kwamba pesa ni zake. Kwetu sisi mali ya maiti ina wenyewe. Aliyeandikwa ni mwenye amana, azipokee na azigawanye kwa warithi.

#19 MkomaniNdani
Ustadh hapo ndipo pana moto nyumbani. Ameacha mke, wavulana wawili, wasichana watatu. Ami wa watoto keshapiga hesabu kwenye laki nane: mke thumni, laki moja, zinabaki laki saba, kila mvulana laki mbili na kila msichana laki moja.

#20 UstadhWaSiyu
Na mama yake marehemu si yuhai? Umemtaja kule juu. Mama ana sudusi maadamu marehemu ana watoto. Kwenye laki nane ni kama 133,333. Kwa hivyo watoto wanabaki na 566,667, si laki saba. Mwambie ami arudie hesabu, na aanze kwa madeni na gharama za maziko kabla ya kugawa chochote.

#21 KaraniKortini
Kwa heshima Ustadh, mahakama zetu za Kenya zimeshasema zaidi ya mara moja kwamba pesa za bima zilizoandikiwa mnufaika haziingii kwenye mirathi. Shirika likimlipa dada limemaliza wajibu wake. Kama familia inataka kugawa kwa sheria ya dini, hilo ni baina yao, na wakitofautiana Kadhi wa Lamu yupo.

#22 UstadhWaSiyu
Korti inasema shirika limemaliza wajibu wake. Dada hajamaliza wake. Ni mambo mawili.

#23 MamaNuru
Na wako masheikh wanaosema kumwandika mke ni kumpa, mradi alikusudia hivyo. Mimi niliambiwa hivi na mmoja na vile na mwingine, wote wenye vilemba. Nikagawa kidogo nikabaki na kidogo. Wa kwangu wote wawili hawajaridhika mpaka leo.

Lakini turudi kwa barua, maana nina langu. Bima yangu ilikuwa ya kazini, hoteli ilikuwa imewakatia wafanyakazi wote kwa pamoja. Barua ya kupokea ililetwa nyumbani kwangu siku ya tatu ya msiba, na mtoto wa shule akaisoma kwa sauti mbele ya wageni wa matanga. Ndani imeandikwa "wanufaika walioandikwa ni wake wawili", na majina, na kiasi. Mimi nilikuwa sijui kuna mwenzangu. Nilijua hapo, mkononi nimeshika kikombe cha kahawa ya wageni, na mama mkwe akaondoka chumbani kimya kimya. Yeye alikuwa anajua.

#24 PundaHanaDeni
😶 Pole sana Mama Nuru. Hapa sina mzaha.

#25 MezaniMadai
Pole Mama Nuru. Hilo lilikuwa kosa kubwa la shirika. Barua ya kupokea haitakiwi kutaja nani ameandikwa wala kiasi gani. Wakati huo hujathibitisha hata anayeisoma ni nani. Jina la mnufaika huelezwa yule mwenyewe, akishajitambulisha, faraghani. Sisi tulikuwa na desturi ya kumuita mpokeaji "mwenye kutoa taarifa" mpaka faili likae sawa.

Ustadh, kuhusu eda: hakuna ulazima wa mjane kusafiri. Fomu hutumwa, anaitia sahihi nyumbani mbele ya mtu anayekubalika, wakili wa viapo, Kadhi au chifu, kutegemea shirika. Ofisi nyingine hukubali simu ya video. Lakini lazima muombe, hawatakuambia.

#26 AjentiMstaafu
Zamani ajenti ndiye aliyekuwa akipeleka fomu kwa mkono. Unavuka Mokowe, unapanda boti, unaingia nyumbani, unakaa kwenye jamvi, unahani kwanza. Fomu haitoki mfukoni mpaka umekunywa kahawa. Siku hizi ajenti akishapata kamisheni ya mwaka wa kwanza amehamia simu nyingine.

#27 MkomaniNdani
Mezani, kama wewe ndiye ungeiandika barua hii kwa dada, ungeiandikaje? Nauliza kwa sababu nataka kumsomea kitu atakachokielewa.

#28 MezaniMadai
Nimeiandika usiku huu. Mnisahihishe.

*Kwa Bi. ______,*

*Pole kwa kufiwa. Tunamuombea marehemu na tunawaombea nyinyi subira.*

*Taarifa yenu imetufikia na tumeiandikisha kwa namba ______. Ukipiga simu taja namba hiyo tu, huhitaji kusimulia kifo upya kila mara. Anayeshughulikia ni ______, simu yake ya mezani ni ______.*

*Tayari tunayo nakala ya kibali cha mazishi. Usiitume tena.*

*Kutoka kwako tunahitaji vitu vitatu, na hakuna haraka ya leo wala kesho: fomu iliyoambatishwa ikiwa na sahihi yako, nakala ya kitambulisho chako, na nakala ya cheti cha kifo kitakapotoka. Cheti huchukua muda, tunalijua hilo. Maelezo ya benki na pini ya KRA tutakuomba baadaye, malipo yakiidhinishwa. Mkataba ukiupata utume, usipoupata tuambie, tuna nakala.*

*Rekodi za hospitali tutazitafuta wenyewe ukitutilia sahihi karatasi ya idhini. Ripoti ya polisi haihitajiki kwa kifo cha maradhi.*

*Kwa sasa hatujaamua kuhusu malipo, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Karatasi zikikamilika tutakagua mkataba, malipo ya kila mwezi na maelezo ya ugonjwa, kisha tutakuandikia uamuzi pamoja na sababu zake. Tukichelewa tutakueleza kinachochelewesha.*

*Huhitaji kusafiri. Ukiwa edani tuambie, tutapanga namna ya kutia sahihi hapo ulipo.*

*Usimlipe mtu yeyote pesa ili madai haya yaende mbele.*

#29 MkomaniNdani
Nimemsomea dada yangu. Amesema "hii ndiyo barua". Kisha akauliza kama wewe ndiwe bima 😅

#30 MamaNuru
Nzuri Mezani, hasa ile ya kutosimulia upya. Mimi nilihadithia kifo cha mume wangu kwa watu sita kwenye simu, kila mmoja ananihamishia kwa mwingine.

Nina moja tu. Toa "ukiwa edani" kwenye barua ya kila mtu. Kadzo hana eda. Weka "kama huwezi kutoka kwa sababu yoyote".

#31 KadzoWaGanda
Asante mama 😊 Na sisi pia mjane hatoki-toki hivi hivi, msidhani ni nyinyi tu.

#32 AjentiMstaafu
Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Barua tamu ina hatari yake. Kuna familia moja, sitasema ya wapi, ilipata barua ya upole mno: "tuko pamoja nanyi, tutahakikisha mnapata haki yenu". Wakasikia "mnapata". Wakakopa, wakafanya hitima ya arubaini ya mji mzima, wali wa ngano na mbuzi kumi, deni wakaliandika kwa pesa ya bima. Baada ya miezi jibu likaja hapana, bima ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia. Mjane akabaki na deni la mchele. Tangu hapo mimi naona afadhali ile barua kavu. Angalau haidanganyi.

#33 PundaHanaDeni
Wali wa ngano ndio kitu gani? Ajenti umekula nini wewe 😂

#34 AjentiMstaafu
Wali na mikate ya ngano. Simu hii inaandika inavyotaka.

#35 MezaniMadai
Ajenti una hoja. Ndiyo maana "hatujaamua, si kwa kukubali wala kwa kukataa" nimeiacha ikae wazi. Lakini ile ya kwao haisemi hatujaamua. Inasema hatujakubali, na mfiwa husikia tumekataa.

#36 AjentiMstaafu
Na yako watasikia "tutapanga namna ya kutia sahihi", watajua pesa ziko njiani. Mtu husikia anachotaka. Mimi ningeongeza mstari: msikope kwa kutegemea madai haya.

#37 MamaNuru
Mstari huo ungeniudhi. Mtu yuko msibani unamfundisha kukopa?

#38 AjentiMstaafu
Ungekuudhi, lakini ungekuokoa.

#39 KaraniKortini
Mmesahau muda. Barua nzuri ingetaja lini watajibu. Sheria ya Bima inataja siku 90 za kulipa madai. Wakipita, nendeni IRA, wale wanaosimamia mashirika ya bima, wana dawati la malalamiko na hamhitaji wakili.

#40 MezaniMadai
Siku 90 zipo, lakini ugomvi uko kwenye kuanza kuhesabu. Familia huhesabu tangu siku walipotoa taarifa. Mashirika huhesabu tangu siku walipokubali kwamba wanapaswa kulipa. Nimeona pande zote mbili zikisoma kifungu kile kile. Ndiyo maana mwanasheria wetu hakuturuhusu kuandika tarehe kwenye barua ya kupokea.

#41 KaraniKortini
Basi kwa hesabu yao siku hazianzi mpaka wao wenyewe wapende zianze. Mimi siikubali hiyo.

#42 MezaniMadai
Mimi pia sikuwahi kuipenda. Lakini ndivyo mezani palivyokuwa.

#43 BaharaMshipi
Wadau nina swali la kweli sasa, si mzaha. Ami yangu alitoka na mashua kuelekea Kiwayu kusi lilipokuwa limechacha, hakurudi yeye wala chombo. Alikuwa na bima ya mkopo wa sako. Sako wanamdai mkewe mpaka sasa, wanasema leta cheti cha kifo. Naibu wa chifu anasema hawezi kuandika kifo bila maiti. Hakuna kaburi, hakuna kibali, hakuna chochote. Barua ya kupokea hata hatukupata. Yeo ni mwaka wa pili.

#44 KaraniKortini
Pole Bahara. Ndiyo maana una hasira na bima, sasa nimeelewa. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia, huchukuliwa amekufa, isipokuwa ithibitishwe vingine. Hiyo ndiyo njia ya kawaida.

#45 BaharaMshipi
Miaka 7! Na riba ya mkopo nayo itangoja miaka 7?

#46 MezaniMadai
Bahara, miaka 7 ni pale usipojua kilichotokea. Kama kuna watu waliomuona akitoka, kuna ripoti ya polisi ya siku ile, kuna waliokuta ubao au tangi la mashua, familia inaweza kuiomba mahakama iamue kwa ushahidi huo mapema zaidi. Nimeona faili moja likipita hivyo na jingine likikataliwa, na sikuona tofauti kubwa kati yao. Ripoti mliandikisha?

#47 BaharaMshipi
Tuliandikisha. Namba ya ripoti ninayo. Tangi lilionekana upande wa Ndau, aliyeliokota anajulikana.

#48 MezaniMadai
Basi muandikieni sako barua kwanza, leo leo. Waambieni mwenye mkopo amepotea baharini tarehe fulani, namba ya ripoti ni hii, na mnaomba waijulishe bima yao kwa maandishi. Kwenye bima ya mkopo ni sako ndiyo yenye mkataba, kwa hivyo taarifa inatoka kwao na wengi hukaa nayo. Waombeni nakala ya barua waliyojibiwa na bima. Kama hawana, mtajua hawakupeleka kitu.

#49 UstadhWaSiyu
Na mke wa aliyepotea, mpelekeni kwa Kadhi. Eda yake haianzi mpaka ihukumiwe kuwa mume amekufa. Msimuache akining'inia.

#50 MkomaniNdani
Wadau, nimepata nakala ya fomu ya kujiunga. Swali la presha limejibiwa "ndiyo, natumia dawa". Mwandiko ni wa shemeji mwenyewe. Siku za msamaha ziko 30, ukurasa wa sita. Lakini kimezuka kingine: kwenye bima jina lake ni Mohamed na la babu halipo. Kwenye kibali cha mazishi naibu wa chifu ameandika Muhammad na kaongeza la babu. Nirekebishe wapi kabla ya cheti kutoka?

#51 KaraniKortini
Kwa naibu wa chifu, kesho asubuhi, kabla fomu hazijaondoka. Jina liandikwe kama lilivyokuwa kwenye kitambulisho, si kama mtaa ulivyomuita. Fomu zikishafika kwa msajili mtahitaji hati ya kiapo kwamba Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja, na hiyo ni pesa na safari.

#52 PundaHanaDeni
Naibu wa chifu wa upande huo nimemuona gatini sasa hivi ana mkoba, boti ya Mokowe inajaza watu. MkomaniNdani kimbia!

#53 MkomaniNdani
Niko ndiani.